Dakika arobaini na vocha ya saa tano: uzoefu wangu wa bando mbili hapa Kigoma

Nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwapelekea wateja wa Tabora na Dar. Kazi yangu yote iko kwenye simu, na simu zenyewe ni za haraka haraka: "Gari limepakia?" "Limepakia mama." Nakata.

Kwa miezi mingi nilikuwa najiunga bando la siku la shilingi 1,000 lenye dakika 40 za mtandao wenyewe na dakika 5 za mitandao mingine. Arobaini na tano kwa elfu moja, nani angekataa? Shida ni kwamba kila siku ikifika saa tano asubuhi nilikuwa nanunua vocha tena, nikadhani naibiwa. Siku moja nikakaa na daftari, nikaandika kila simu niliyopiga na sekunde zake, kama zinavyoonekana kwenye kumbukumbu ya simu.

Nilipiga simu 18. Kumi na mbili zilikuwa za sekunde kama 20 hivi, nne za sekunde kama 70, na mbili ndefu za dakika tano na sekunde kumi. Jumla ni sekunde 1,140, yaani dakika 19 tu za kuongea. Lakini lile bando linakata kwa dakika nzima. Sekunde 20 inahesabiwa dakika moja, sekunde 70 dakika mbili, na zile ndefu dakika sita sita. Ukijumlisha simu zote hivyo unapata dakika 32. Hapo dakika 13 zinalipiwa bila kusema neno.

Kuna njia rahisi ya kujua bando lako linakataje. Angalia dakika zilizobaki, pigia laini yako nyingine, hesabu sekunde kumi, kata, angalia tena. Dakika nzima ikiwa imeondoka, jibu umelipata. Usitegemee tangazo, maana "kwa sekunde" wanayotangaza inaweza kuwa ile ya salio la kawaida, si ya bando.

Kilichoniumiza zaidi ni zile dakika 5 za mitandao mingine. Siku hiyo simu fupi nne za nje zilikula dakika nne. Mteja wa Tabora nikaongea naye sekunde 70: dakika ya tano ikaisha, sekunde kumi zikaingia kwenye vocha ya 1,000 niliyokuwa nayo, kwa shilingi 3 kila sekunde. Ikaja ile ndefu ya Dar, sekunde 310, shilingi 930. Nikabaki na shilingi 40. Simu iliyofuata ilikatika baada ya sekunde 13, mteja akiwa bado ananitajia bei. Na kwenye bando zilikuwa zimelala dakika 22 za mtandao wenyewe, ambazo zilikufa saa yangu ya kujiunga ilipofika.

Ukiuliza, utaambiwa kupiga nje ni ghali kwa kuwa mitandao inalipana. Ni kweli inalipana, lakini malipo hayo hupangiwa kikomo na TCRA: mwaka 2017 yalikuwa shilingi 26.96 kwa dakika, 2018 yakashuka hadi 15.60, na kufikia 2022 yakawa shilingi 2. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kutugawia dakika nyingi za ndani na kiduchu za nje ni mbinu ya kutufunga tusihame, wala si gharama.

Halafu usisome namba kwa tarakimu zake za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Nina mteja ambaye namba yake inafanana na ya mtandao wangu, kumbe alishahama. Nilimgundua kwa sababu kila nikimpigia, zinapungua dakika za nje.

Sasa natumia bando la mtandao mwingine, shilingi hiyo hiyo 1,000, dakika 20 za mitandao yote, linakata kwa sekunde. Kwa siku kama ile ningebakiwa na dakika moja. Kasoro yake ni kwamba ujumbe wa kuonya kuwa bando linaisha huchelewa kuja. Wananipa na dakika za bonasi nikiongeza salio, ila ni za ndani tu, kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Saa hizo wavuvi wangu wako katikati ya ziwa, hawapatikani. Sizihesabu.

Bando la wiki nililijaribu nikaliacha. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na dakika zinaoza. Siku hizo naweka vocha ya 500 bila bando, napata sekunde 166. Zinatosha kuwaambia wateja wanane "bado."