Kutoka orodha ya vitabu hadi mpango wa wiki kwa wiki: uzoefu wangu na huduma ya kupanga kozi hapa Dodoma

Ninafundisha historia ya vijiji vya ujamaa katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kwa muda mrefu wanafunzi wangu walipokea orodha ndefu ya vitabu na makala iliyopangwa kwa alfabeti, bila kuambiwa wasome nini, lini, wala kwa ajili ya kazi gani. Muhula huu nilimlipa mhadhiri mstaafu anayefanya kazi ya kupanga kozi, naye akanigeuzia orodha hiyo kuwa mpango wa wiki kumi na nne.

Kabla ya kugusa kitabu chochote alianza na saa. Kozi yangu ina krediti 12, na kwa kuwa krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, mwanafunzi ana saa 120 kwa jumla. Alipotoa saa 45 za darasani na 35 za insha, majaribio na marudio, zilibaki 40, yaani pungufu kidogo ya saa tatu kwa wiki. Kwa makala ngumu za Kiingereza alikadiria kurasa kumi kwa saa, hivyo usomaji wa lazima usizidi kurasa 30 hivi kwa wiki. Orodha yangu ilidai zaidi ya mara tatu ya hapo, na hesabu hiyo ndiyo iliyonishawishi kuhamishia sehemu kubwa ya maandiko kwenye usomaji wa ziada.

Wiki ya tano inaonyesha vizuri namna alivyofanya kazi. Mimi nilikuwa nimeandika lengo hili: “kuelewa Operesheni Dodoma ya 1971”. Yeye aliuliza nitajuaje kwamba mwanafunzi ameelewa, kisha tukaandika kwamba aweze kulinganisha sababu zilizotolewa na serikali na kumbukumbu za wanakijiji wa Ugogo waliohamishwa. Lengo likishakaa hivyo, usomaji unajichagua wenyewe: sehemu ya tatu ya Azimio la Arusha la 1967, inayohusu kujitegemea, pamoja na makala moja yenye mahojiano ya wanakijiji. Kazi ya wiki ni ukurasa mmoja unaotaja hoja mbili zinazogongana, kila moja ikiwa na namba ya ukurasa ilikotoka, na hapo mwanafunzi aliyesikiliza mhadhara tu bila kusoma hujulikana mara moja.

Upungufu niliouona, nao si mdogo, ni kwamba mpango haukuangalia maandiko yanapatikana wapi. Kitabu cha wiki ya nane kina nakala moja tu maktabani, ilhali darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini, na kazi kubwa zaidi ya muhula iliangukia wiki ileile ya majaribio ya masomo mengine. Ilinibidi nibadilishane wiki ya nane na ya kumi, kisha nipitie tena malengo yote mawili, kwa sababu kazi ya wiki ya kumi ilitegemea dhana zinazofundishwa wiki ya tisa.

Nitamtumia tena kwa kozi ya mwaka wa pili. Anayefikiria kuagiza huduma ya namna hii ampe mpangaji kalenda ya chuo tangu mwanzo, na kabla ya kupokea rasimu adai safu inayoonyesha, kwa kila andiko, lilipo na idadi ya nakala zake.