Kuskani msimbo wa meza Guangzhou: oda, aleji ya karanga na malipo

Kwa wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo, mkahawani mezani utakuta kibandiko cha QR, na mhudumu atakionyesha kwa kidole badala ya kukuletea menyu. Nimeutumia mfumo huu kwa WeChat na kwa Alipay, mara nyingi nikiagiza kwa ajili ya mtu mwenye aleji ya karanga. Kwa jumla nausifu, kwa sababu bei unaiona kabla ya kuagiza. Tatizo lake ni dokezo la aleji, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Ukiskani, ukurasa wa mkahawa hufunguka humo humo ndani ya programu. Kwanza huulizwa idadi ya watu. Weka idadi ya kweli, maana mikahawa mingi ya Guangdong hutoza chai na vyombo kwa kila kichwa, na gharama hiyo (茶位费) huingia yenyewe kwenye hesabu. Kisha ukurasa unaweza kuomba namba yako ya simu au kukualika uwe mwanachama. Bonyeza 跳过, 拒绝 au 暂不 uendelee. Ukiona 充值, hapo unashawishiwa kuweka salio la akiba kwenye mkahawa huo, jambo lisilomfaa mtu anayeondoka wiki ijayo.

Kabla hujagusa chochote, tazama kapu. Meza nzima inatumia kapu moja: mkiskani watu watatu, kila mmoja anaona alichoweka mwenzake, na wali unaweza kuagizwa mara tatu. Na ukikuta vyakula usivyovijua, huenda oda ya waliotoka haijafungwa. Mwite mhudumu aifute kwanza.

Kuhusu tafsiri, matoleo mapya ya programu hizi yana kitufe cha kutafsiri ukurasa, lakini hayagusi maandishi yaliyo ndani ya picha, na vidirisha vya kuchagua ukubwa au pilipili mara nyingi hubaki Kichina. Mimi hupiga picha ya skrini na kuitafsiri kwa programu nyingine. Kifurushi cha lugha ya Kichina cha programu hiyo ya kutafsiri kipakue ukiwa bado nyumbani, kwa sababu huduma za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Laini ya nyumbani iliyowashwa rominga kwa kawaida hupita, kwa kuwa data yake huzungukia mtandao wa kwenu.

Ukigusa 选规格 unapata kidirisha cha chaguo. Kwa pilipili, 不辣 ni bila pilipili na 微辣 ni kidogo. Penye 加料 ni nyongeza, na bei yake imeandikwa pembeni, kwa mfano +3. Kwa samaki na kaa soma kinachofuata bei: 斤 ni gramu 500, kwa hiyo namba unayoiona si bei ya samaki mzima.

Sasa aleji. Sehemu ya kuandika ni 备注, nayo huja kabla ya kutuma oda. Vitufe vilivyotayarishwa humo huwa vya kitunguu, kitunguu saumu na giligilani, yaani vya kutopenda, si vya aleji. Andika mwenyewe. Maneno ninayoyahifadhi kwenye simu kwa ajili ya kubandika ni haya:

```
我对花生严重过敏。不要花生、花生碎、花生酱、花生油。做不了请告诉我。
```

Maana yake: nina aleji kali ya karanga; msitie karanga, karanga zilizopondwa, siagi ya karanga wala mafuta ya karanga; mkishindwa niambieni. Sentensi ya mwisho usiiache. Dokezo huchapwa kwenye kikaratasi cha jikoni na safari yake ni ya upande mmoja; usipoomba jibu, ukimya wa jikoni hauna maana yoyote.

Mafuta nayataja kwa sababu Guangdong hupika sana kwa mafuta ya karanga, na yale yenye harufu nzito, ambayo hayakusafishwa kiwandani, hubaki na protini inayoamsha aleji. Chukua uji wa 艇仔粥. Karanga zake za kukaanga hunyunyizwa juu mwishoni, kwa hiyo dokezo linaziondoa kirahisi. Lakini samaki wa mvuke, anayeonekana msafi kabisa, humaliziwa kwa mafuta ya moto yanayomwagwa juu yake. Mboga za kuchemsha pia hupakwa mafuta. Kwa 肠粉, yaani utando wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke na kuviringishwa, mchuzi umeshachanganywa tangu asubuhi, na hakuna dokezo litakaloutenganisha. Chakula kilichokwisha kutayarishwa hakibadilishwi kwa maandishi, kiache tu.

Kwa aleji kali sitegemei skrini peke yake. Baada ya kutuma oda, mwonyeshe mhudumu maneno yale yale kwenye simu na usubiri arudi kutoka jikoni. Akitikisa kichwa kukubali papo hapo bila kwenda kuuliza, hesabu kwamba hajauliza. (Anayekwepa nguruwe naye atazame 猪油, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia hata kwenye vyakula visivyo na nyama yake. Alama ya 清真 mlangoni ndiyo ya mkahawa wa halali.)

Malipo yapo ya namna mbili. Kuna mikahawa ambako oda haifiki jikoni mpaka ulipe, utaona 立即支付, yaani lipa sasa. Kwingine unakula kwanza na kulipa mwishoni. Visa au Mastercard ya nyumbani huunganishwa kwenye Alipay au WeChat, na ufanye hivyo kabla ya safari, kwa sababu benki inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa SMS. Malipo yasiyozidi yuani 200 kwa mara moja hayana ada ya programu. Yakizidi, kadi ya nje hukatwa asilimia 3 ya kiasi chote. Ada ya benki yako kwa kubadili fedha ni jambo jingine.

Tuseme mko watatu: chai 5 kila mmoja ni 15, kuku nusu 68, tambi za nyama ya ng'ombe 42, mboga 28, samaki wa chungu cha udongo 61. Jumla 214, ada 6.42, unalipa 220.42. Palipo na kulipa kwanza unaweza kutuma oda mbili: ya kwanza bila mboga, 186, kisha mboga 28, na ada inatoweka. Lakini hapa ndipo hila ya kuokoa yuani sita inapogongana na aleji. Oda ya pili, au 加菜 yoyote, yaani kuongeza chakula, ni kikaratasi kipya, na dokezo la kwanza haliifuati. Bandika upya kila unapoongeza kitu, hata sahani moja ya mboga. Kwa mwenye aleji kali ningelipa hiyo 6.42 na kutuma kila kitu kwa mara moja.

Kadi ikikataliwa ndani ya ukurasa wa mkahawa, usiendelee kuibonyeza. Nenda kaunta, fungua msimbo wako wa kulipia na mwachie karani auskani yeye. Njia hiyo mara nyingi hupita pale ambapo ukurasa umegoma. Msimbo wa karatasi wa mtu binafsi, wa aina wanayotumia wauzaji wadogo, unaweza kukataa kadi za nje, basi beba yuani taslimu kiasi. Na pesa ikikatwa huku skrini bado inaandika 待支付, yaani malipo yanasubiriwa, fungua kumbukumbu za malipo kwenye programu yenyewe na umwonyeshe karani muamala huo kabla ya kulipa mara ya pili.