Lebo ya nguo: tufasiri maneno au alama?

Kwenye lebo ya blauzi ya poliesta, Kiingereza "cool iron" kikifasiriwa neno kwa neno hutoa "pasi baridi". Pasi baridi hainyooshi kitu, hivyo msomaji ataipasha kama kawaida na kitambaa kitang'aa au kuyeyuka. Alama ya pasi yenye nukta moja iko wazi zaidi: moto wa chini kabisa. Andika "Piga pasi kwa moto mdogo".

Alama ya beseni lenye 30 na mstari mmoja chini yake hubeba mambo mawili: maji yasizidi nyuzi 30, na mashine ifue taratibu. Maneno mafupi mara nyingi huacha la pili. Kwa hiyo anza na alama. Lakini "geuza ndani nje" haimo kwenye alama hizo. Hilo lichukue kwenye maneno.