Jenereta la petroli kwa nyumba za mlimani Mwanza: kabla ya bei, ulizia kinga ya oili

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Mwanza yanafanana: jenereta halijamaliza mwaka, injini imenoki. Nikiuliza zaidi, nasikia kwamba lilikuwa linazimika hovyo, fundi akakata waya wa njano, likawaka vizuri, kisha likafa moja kwa moja.

Waya huo unatoka kwenye kinga ya oili. Ndani ya injini kuna kiboya. Oili ikishuka, kinakata cheche na injini inazima kabla haijajisaga. Sasa nyumba zetu za Mabatini, Igogo na Bugando zimepanda miamba. Jenereta likikaa mteremkoni, oili inakimbilia upande mmoja, kiboya kinashuka, injini inazima hata kama oili imejaa. Dawa yake ni kumwaga zege dogo lililonyooka, si koleo la fundi.

Kwa hiyo naorodhesha kwa kigezo hicho, rangi na magurudumu mtajijua wenyewe.

La kwanza ni Honda yenye injini ya GX160, na sijifichi, ndiyo ninayoipenda. Inatumia oili ya 10W-30, nusu lita na ushee tu. Oili ya kwanza unaimwaga baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi 6, ipi itangulie. Unaimwaga injini ikiwa bado na joto, ili uchafu utoke nayo. La pili ni Yamaha ya ukubwa huohuo, ukiikagua kwa namna nitakayoeleza. La tatu ni ya Kichina yenye kinga inayofanya kazi kweli. Yale madogo ya kuchanganya oili kwenye petroli, mililita 20 kwa lita kwa yanayotaka moja kwa 50, ni ya taa na kuchaji simu. Basi.

Ukaguzi wenyewe: mwambie muuzaji akuonyeshe kabla hajatia oili wala petroli. Washa swichi, vuta kamba. Taa ya oili ikiwepo, inatakiwa iwake. Isipokuwepo, toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, vuta tena. Ukiona cheche wakati injini haina oili, kinga haipo au imekufa. Na hapo ndipo wauzaji wanaponichosha. "Dada, nimeshakuwekea oili, wewe ni kuwasha tu." Nani alimtuma? Mwingine anabandika nembo ya Honda kwenye bati la kiwanda kisichojulikana, na bei anaweka ya Honda.

Bati la wati lina namba mbili. Panga mzigo wako kwa ile ndogo, kwa sababu kubwa ni ya kuvumilia muda mfupi tu. Chukua mama wa Kirumba mwenye friza ya samaki ya wati 200, televisheni 100, feni 60 na taa tano za wati 10. Jumla ni 410, lakini friza ikianza kuzunguka inaweza kuvuta wati 1,200 kwa nukta chache, na mzigo unafika 1,410. Jenereta la wati 2,000 linambeba vizuri. Akichomeka pasi ya wati 1,000 friza ikianza, amepita. Taa zikififia na mlio ukizama, chomoa pasi.

Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo kufungua dirisha la korido hakutoshi. Liweke nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, eksozi ikitazama mbali. Sisi wa ziwani tuna jambo jingine: mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka na kutoka nchi kavu. Mahali palipokuwa salama saa nane mchana panaweza kukuingizia moshi chumbani saa nane usiku.

Kisha tenga bajeti ya chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, inayokata laini na nyutro zote mbili. Ipeleke kwenye sifuri, zima vifaa, washa jenereta, liache dakika chache, ndipo uhamie upande wake na kuwasha friza kwanza. Umeme ukirudi, zima vifaa, rudisha kwa TANESCO, liache lipumue kidogo, lizime.

Duka lilelile linalokuuzia jenereta limening'iniza waya wenye plagi dume pande zote mbili, eti wa kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo unapitia mita yako kinyumenyume hadi transfoma, nayo inaupandisha kufikia maelfu ya volti juu ya nguzo ambako fundi wa TANESCO anaamini laini imekatwa. Kwa huo waya hawana aibu hata ya kuuficha chini ya kaunta.