Alama ya IPX4 na jasho la jimu: uzoefu wangu wa miezi minane

Nilinunua vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, vyenye alama ya IPX4, kwa sababu muuzaji aliniambia kuwa havidhuriki kwa maji. Nilivivaa jimu mara nne kwa wiki, na kila nilipomaliza mazoezi nilivirudisha kwenye kasha lake vikiwa bado vimelowa jasho. Katika mwezi wa nane wa kuvitumia, cha kulia kilikataa kuchaji. Nilipokiinamisha kwenye mwanga, niliona kwenye kimoja cha vidoti vyake vya kuchajia ukoko mdogo wa kijani, na chini ya kasha, pale kinapokaa, palikuwa na doa la rangi hiyo hiyo.

Ndipo nilipofuatilia maana ya alama ile. Inatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, na tarakimu 4 inamaanisha kwamba kifaa kilirushiwa maji kutoka kila upande bila kudhurika, wakati herufi X inaonyesha tu kwamba hakikupewa daraja la kuzuia vumbi. Maji ya kipimo hicho ni maji safi na kifaa kinachopimwa ni kipya, ilhali jasho lina chumvi, ambayo hubaki maji yakishakauka, na unyevu wowote ukirudi, huku umeme wa kuchaji ukipita, chuma huliwa upesi. Hata IPX7, ambayo ni kuzamishwa maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, haithibitishi kwamba kifaa kitahimili maji ya bomba yanayopiga kwa kasi, kwa kuwa hicho ni kipimo kingine. Lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye maandishi madogo ya boksi: alama ilihusu vipokea sauti peke yake, kasha halikuwamo.

Fundi simu alisugua vidoti kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, na cha kulia kikachaji tena, ingawa rangi ya dhahabu iliyofunika kidoti kile imekwisha kubanduka na sitarajii kidumu kama mwenzake.

Siku hizi nikitoka jimu ninavifuta kwanza kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi ili kuondoa chumvi, kisha kwa kitambaa kikavu. Ninavua vile vipira vya sikioni na kuweka vyote mezani, wavu ukielekea chini, kwa saa moja au mbili kabla ya kuvirudisha kwenye kasha. Mvua ikininyeshea ninafanya vivyo hivyo, na kasha ninalifunga kwenye mfuko wa nailoni. Situmii mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu joto lake hulegeza gundi inayozuia maji. Sauti ya upande mmoja ikififia ghafla baada ya kulowa, mara nyingi ni tone lililoziba wavu, hivyo ninasubiri likauke wala sichokonoi kwa sindano.