Wastani au kipimo cha katikati?

Kihisi cha JSN-SR04T, kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, kimefungwa juu ya tangi, sentimita 150 kutoka sakafu ya tangi. Kimepima mara tano umbali hadi kwenye maji: 92, 91, 38, 92, 91. Hiyo 38 ni mwangwi wa bomba la kuingizia maji.

Ukichukua wastani unapata 80.8, yaani kina cha 69.2, bomba limekuongezea sentimita 10 za maji yasiyokuwepo. Ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati, unapata 91, na kina ni 59. Mimi huchagua hii.

Ila bomba likirudisha mwangwi mara tatu kati ya tano, ya katikati nayo hudanganya. Ukiona 38 haibadiliki huku maji yakipungua, hamisha kihisi mbali na bomba.