YouTube Studio: views 620 si watu 620

Naitumia YouTube Studio kila wiki kusoma hesabu za video, na ninaipenda. Ila inamchanganya mgeni kwenye maneno matatu, na kosa linaanzia kwenye mazoea yetu ya kusema "imetazamwa na watu 620".

Chukua mfano wa video ya kupika urojo. Dada mmoja wa Wete kaiona picha yake ya mbele asubuhi alipofungua YouTube, kaiona tena mchana akitafuta mapishi, na jioni imejitokeza chini ya video nyingine, ndipo akaibonyeza. Kesho yake kaifungua tena kwa linki aliyotumiwa WhatsApp. Hapo `Impressions` ni 3, `Views` ni 2, na mtu ni mmoja. Huyo mmoja yumo kwenye `Unique viewers`, nayo ni makadirio.

`Impressions` haihesabiwi ovyo. Angalau nusu ya ile picha lazima ionekane kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja, tena ndani ya YouTube yenyewe. Linki uliyoitupa kwenye grupu la familia haiongezi hata moja, lakini wakiifungua na kutazama, `Views` zinapanda.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme video ile ina `Impressions` 4,000 na `Views` 620. Ukigawa unapata 15.5%, unafurahi. Sasa fungua `Content`, chagua video, ingia `Analytics`, kisha `Reach`. Pale `Impressions click-through rate` inasema 5%, yaani ni views 200 tu zilizotokana na watu kuiona picha na kuibonyeza. Nyingine 420 zimetoka kwingine. Ukitazama aina za vyanzo utaikuta `External` imejaa, na ndani yake WhatsApp. Kwa hiyo usiseme picha yako inavutia kwa 15.5%, jamaa zako ndio wamekubeba.

Hiyo 5% wala si mbaya. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video ziko kati ya 2% na 10%. Usishtuke pia ikishuka huku `Impressions` zinapanda: video imeanza kupelekwa kwa wasiokujua, na hao hawabonyezi kirahisi kama wafuasi wako.

Lawama yangu ni jina la ile kurasa, `Reach`. Instagram neno hilo ni idadi ya akaunti zilizoiona video walau mara moja, hata kama haikubonyezwa. YouTube haikupi idadi ya watu walioiona picha tu. Kilicho karibu ni `Unique viewers`, ambao ni waliotazama. Basi mwenye hoteli Nungwi akikuuliza "reach yako ngapi?", mtajie `Unique viewers` za siku 28, na umwambie wazi kwamba hao ni waliotazama, si waliopita tu.